Laki tatu na tano ni ngapi?

Mimi kazi yangu ni kuandika makubaliano ya watu, hapa Lamu mjini, mtu akiuza kiwanja, punda au chombo anakuja na mwenzake tunakaa kwenye baraza naandika wanayosema, wanatia sahihi, basi. Watu wanadhani ugumu uko kwenye Kiswahili cha sheria. Wapi! Ugumu uko kwenye hesabu inayotoka mdomoni, manake mtu akitaja pesa kwa sauti mara nyingi haandiki kichwani ile namba mwenzake anaiona.

Hii ya juzi ndo iliyonifanya niandike. Mzee mmoja wa Matondoni alikuwa anauza mashua, mnunuzi kijana wa Kizingitini, walielewana kwa voisi za Watsapu. Mzee akasema, nimeisikia mwenyewe, "mwanangu, mwisho wangu ni laki tatu na tano." Kijana akajibu "haya ami, nimekubali," akatuma kwa M-Pesa mara mbili, manake kwa mara moja haipiti 250,000, kwa hivyo ikaenda 250,000 halafu 55,000. Jumla 305,000. Mzee akangoja ile ya tatu. Haikuja. Akapiga simu kuuliza zile elfu arubaini na tano ziko wapi, kijana akashangaa ni zipi hizo.

Hakuna aliyekuwa mwongo hapo. Mzee alimaanisha tatu na tano kama vile watu siku hizi wanasema "moja tano" wakitaka 1,500, "mbili tano" wakitaka 2,500, yaani ile tano ni mia tano za ile elfu. Akaipeleka kwenye laki, kwa hivyo kwake tano ni elfu hamsini, 350,000. Kijana naye alisikia "na", na kwake "laki tatu na tano" ni laki tatu na elfu tano, kama vile "laki moja na ishirini" kila mtu anajua ni 120,000. Ukiwauliza watu kumi pale ukutani kwenye gati watagawanyika, mimi nimejaribu.

Sasa shida hii inatoka wapi. Kwetu kinachohesabiwa kinatangulia, idadi inafuata: punda wawili, shilingi mbili. Elfu na laki tunazichukulia vivyo hivyo kama vitu, elfu tano ni elfu ngapi? tano. Mpaka hapo sawa kabisa. Lakini tukitaka kuongeza kitu kidogo juu yake tunatumia "na", na hiyo hiyo "na" ndiyo inayounga makumi na mamoja, ishirini na tano. Kwa hivyo "elfu ishirini na tano" mtu anaweza kuikata mara mbili: elfu [ishirini na tano], 25,000, au [elfu ishirini] na tano, 20,005. Kwenye maisha ya kawaida hakuna anayeuza kitu kwa 20,005 kwa hivyo masikio yanachagua yenyewe, ila kwenye hesabu ya shule au namba ya risiti hapo ndo utaona. Wenye kujihadhari wanageuza, wanasema "ishirini na tano elfu", na hiyo haina njia mbili.

Mbaya zaidi ni "elfu mia tano". Ukiitamka kwa pumzi moja ni laki tano. Ukipumzika kidogo baada ya elfu, "elfu... mia tano", ni 1,500. Kile kituo kidogo ndo tofauti ya bei ya kamba na bei ya mashua nzima! Kwenye simu yenye mtandao mbovu kituo hakisikiki, au kinaongezwa na mtandao wenyewe. Ndo maana mimi 1,500 siiandiki bila "moja" wala bila "na": elfu moja na mia tano. Na "elfu mia" siitumii kabisa, tuna laki, ya nini kujitesa. Laki tuliipata kwa Wahindi, elfu na mia kwa Waarabu, na kwa kweli laki imetufaa sana manake ukivuka 99,999 unaanza kitu kipya, huhitaji kurundika mia juu ya elfu. Wazee wetu walikuwa na lingine zuri, 200 wakiita miteni na 2,000 elfeni, neno moja, halikatiki. Siku hizi ukisema miteni kijana anakutazama tu.

Nusu nayo ni salama, bora utaje kipimo. Nusu inakula kile kilichotajwa mwisho: laki tatu na nusu ni 350,000, laki na robo ni 125,000. Mzee angesema nusu badala ya tano tusingefika kwenye baraza. Lakini ukiacha kipimo, "shamba limekwenda mbili na nusu", hapo lazima uwe unajua shamba liko wapi, inaweza kuwa laki, inaweza kuwa milioni.

Senti sina mengi, zimebaki kwenye maneno, "sina senti" maana yake sina pesa hata kidogo. Ila sumuni naipenda, bibi yangu alikuwa anaita hivyo senti hamsini, ni thumni ya Kiarabu, sehemu ya nane. Nane ya nini wakati hamsini ni nusu ya shilingi? Ya riale, ile ya fedha ya zamani, iliyohesabiwa kama shilingi nne. Riale imekwisha, jina likabaki kwenye sarafu nyingine. Na ule mkia wa /= tunaoandika baada ya bei ni kusema hakuna senti hapa, manake zamani 5/50 ilikuwa shilingi tano na senti hamsini.

Turudi kwenye mashua. Walikuja wote wawili, nikawachezea ile voisi mara tatu, kila mmoja akasikia yake. Nikawaambia siwezi kuamua nani kasikia sawa, maneno yenyewe yanabeba zote mbili. Wakakata tofauti katikati, 45,000 kwa mbili, kijana aongeze 22,500. Nikaandika: *shilingi laki tatu, elfu ishirini na saba, na mia tano tu (Ksh 327,500/=)*. Koma ziko pale kwa makusudi, ndo kile kituo cha pumzi, kila koma inafunga kipimo kimoja. Na "tu" ya mwisho inafunga mlango, mtu asije akaongeza neno. Kisha nikamwambia mzee asome, kijana asome, kwa sauti, halafu kila mmoja aandike tarakimu kwenye karatasi yake bila kuangaliana. Zikalingana.

Kijana akatoa simu akasema, "ami, nakutumia sasa hivi ile ishirini na mbili na nusu."

Mzee akamshika mkono. "La, mwanangu, simu weka. Nenda kwa wakala uniletee noti, nataka elfu moya moya ishirini na mbili, na mia tano moya, nihesabu mwenyewe."