Ngozi kukaza baada ya kunawa: dhana potofu kuhusu sabuni ya kipande na sindeti

Vipande viwili vinaweza kufanana umbo, rangi na harufu, kimoja kikawa sabuni na kingine kisiwe sabuni kabisa. Sabuni halisi hupatikana mafuta yanapokutana na soda kali: mafuta huvunjika, zikatoka chumvi za asidi za mafuta, ambazo ndizo sabuni yenyewe, pamoja na gliserini. Sindeti ni kipande cha kuogea ambacho visafishi vyake vimeundwa kiwandani kwa njia nyingine. Vilianza kuuzwa kwa wingi katika miaka ya 1950. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua uso wako utakuwaje dakika kumi baada ya kujifuta, na ndiyo iliyozungukwa na maneno mengi yasiyo ya kweli.

Dhana: Ngozi ikikaza, imetakata.

Ukweli: kukaza si kipimo cha usafi. Uchafu, jasho na mafuta ya juu huondoka katika sekunde chache za mwanzo. Kinachokufanya uhisi uso unavuta ni kile ambacho kisafishi kinaendelea kuifanyia ngozi baada ya hapo.

Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kwa seli zilizokufa zilizojaa protini, na katikati yake kuna mafuta maalumu yanayozuia maji yasitoroke. Ndani ya seli hizo mna pia vitu vinavyoyeyuka majini ambavyo kazi yake ni kushika unyevu. Povu la sabuni likikaa juu ya tabaka hili, mambo matatu hutokea kwa pamoja. Molekuli za sabuni hunata kwenye protini. Sehemu ya mafuta ya katikati ya seli hung'oka au hupoteza mpangilio wake. Na vile vishika unyevu huchukuliwa na maji ya kusuuzia.

Wakati wa kunawa hutahisi lolote, kwa sababu protini zilizonatwa na sabuni huvimba na kunywa maji mengi kuliko kawaida. Ngozi huonekana laini na imejaa. Shida huanza ukishajifuta. Maji hayo ya ziada hukauka haraka, na protini zenye mabaki ya sabuni hushika unyevu kidogo kuliko zilivyokuwa kabla ya kunawa. Tabaka la juu hunywea huku la chini likiwa bado limelowa, nalo huvuta. Ndiyo maana ukakamavu hufika kileleni dakika tano hadi kumi baada ya taulo, hasa kwenye mashavu na pembeni mwa mdomo. Kwenye ngozi nyeusi dalili nyingine huonekana kwa macho: kupauka.

Ukiacha uso bila kupaka kitu na mvutano ukatoweka wenyewe ndani ya dakika kumi na tano au ishirini, ngozi imejirekebisha. Ukidumu zaidi ya nusu saa, au ukaja na kuwasha na magamba, kisafishi hicho ni kikali mno kwako, hata kama kila mtu nyumbani anakitumia bila tatizo.

Dhana: Sabuni ya kutengeneza kwa mikono haikazi ngozi, maana imeachiwa mafuta ya ziada.

Ukweli: yale mafuta ya ziada husaidia, lakini kidogo kuliko inavyodhaniwa. Tuchukue mchanganyiko wa kawaida wa kilo moja ya mafuta, gramu 700 za zeituni na gramu 300 za nazi. Kila gramu ya zeituni huhitaji takriban gramu 0.135 za soda kali ili igeuke sabuni yote, na ya nazi takriban gramu 0.183. Zeituni itataka gramu 94.5, nazi gramu 54.9, jumla gramu 149.4. Mtengenezaji hupunguza asilimia 5, akatumia karibu gramu 142, ili mafuta kama gramu 50 yabaki bila kugeuka.

Gramu hizo 50 zimetawanyika katika kipande kizima, na nyingi huenda na maji. Zile gramu 950 zilizogeuka zimekuwa sabuni kamili, nazo hutenda kama sabuni yoyote. Mafuta ya ziada hayashushi pH ya povu, yaani kipimo cha asidi na alkali, hadi ya ngozi, kwa kuwa pH inatokana na ile chumvi ya asidi ya mafuta yenyewe. Kwa kawaida ni kati ya 9 na 10, ilhali uso wa ngozi yenye afya uko karibu na 5. Kukausha kipande kwa wiki nne hadi sita hupunguza maji, kipande kikawa kigumu na kisichoisha haraka. Hakukifanyi kisiwe cha kialkali.

Kinacholeta tofauti kubwa ni aina ya mafuta. Karibu nusu ya asidi za mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, yenye mnyororo mfupi wa kaboni 12. Sabuni yake huyeyuka upesi, hutoa povu jingi na hupenya tabaka la juu kwa urahisi kuliko sabuni ya mnyororo mrefu. Hiyo ndiyo sababu wanaotengeneza sabuni ya nazi tupu mara nyingi huacha hadi asilimia 20 ya mafuta bila kugeuka. Kwa asilimia 5 ingekausha vibaya mno. Ukitaka kupunguza mvutano katika mchanganyiko wetu, shusha nazi hadi gramu 150 na upandishe zeituni hadi 850. Soda kali, ukishapunguza asilimia 5, itakuwa karibu gramu 135. Povu litapungua na kuwa zito zaidi, na hiyo ndiyo bei ya upole.

Kipande kikichoma ngozi badala ya kuikaza tu, shuku soda iliyobaki. Yeyusha gramu 1 ya chembe zake ulizokwangua katika mililita 10 za maji yaliyochujwa chumvi, kisha chovya karatasi ya kupimia pH. Ikisoma 9 au 10, hiyo ni sabuni ya kawaida. Ikipita 11, kipande hicho kisiguse uso.

Dhana: Tatizo lote ni pH, kwa hiyo tafuta sabuni yenye pH 5.5.

Ukweli: sabuni halisi yenye pH 5.5 haipo. Ukiishusha kwa asidi, chumvi za asidi za mafuta hurudi kuwa asidi za mafuta, zikaelea kama machicha ya mafuta yasiyosafisha chochote. Kipande chenye pH 5.5 hadi 7 ni sindeti, hata kama karatasi yake imeandikwa "sabuni" kwa herufi kubwa.

Lakini pH pekee haikuhakikishii upole. Kialkali huongeza uvimbe wa protini, na vimeng'enya vinavyokarabati mafuta ya ngozi hufanya kazi vizuri kwenye hali ya asidi, kwa hiyo pH ina uzito wake. Hata hivyo kisafishi kikali cha sodium lauryl sulfate kilichorekebishwa hadi pH ya ngozi bado hunata kwenye protini na hukausha. Kisafishi kinachotumiwa sana katika sindeti za uso, sodium cocoyl isethionate, hunata kwa kiasi kidogo kuliko hicho, na hapo ndipo upole wake mkubwa unapotokea. Na kwa wanaogawanya dunia kuwa ya asili na ya kemikali: hicho nacho mara nyingi hutengenezwa kwa asidi za mafuta ya nazi.

Dhana: Kipande cha gliserini kinachopitisha mwanga ni laini kwa ngozi.

Ukweli: vingi vya aina hiyo ni sabuni iliyoongezwa gliserini, sukari na alkoholi ili ing'ae. Gliserini hupunguza ukavu kiasi, ila pH hubaki ya sabuni. Uangavu wenyewe hausemi lolote kuhusu upole.

Dhana: Sindeti inateleza kwa sababu haitoki, inaziba vinyweleo.

Ukweli: katika maji magumu, kinachogoma kutoka hasa ni sabuni. Kalsiamu na magnesiamu zilizomo majini hushikana nayo, ikawa utando mweupe usioyeyuka, uleule unaoganda kwenye beseni. Utando huo hubaki pia kwenye ngozi. Ule mkwaruzo unaousikia ukipitisha kidole shavuni, ambao wengi huuita utakaso, kwa sehemu ni huo. Sindeti haiundi utando wa namna hiyo. Utelezi wake unatokana zaidi na asidi ya steariki iliyowekwa kushikanisha kipande, ambayo huacha tabaka jembamba. Ikikukera, suuza kwa sekunde kumi zaidi. Usirudie kupaka povu.

Dhana: Huwezi kujua kipi ni kipi bila maabara.

Ukweli: soma viambato vitatu vya mwanzo. Sodium palmate, sodium cocoate, sodium tallowate au sodium palm kernelate vikitangulia, hiyo ni sabuni. Sodium cocoyl isethionate ikitangulia, hiyo ni sindeti. Vikichanganyika, na hivyo vipo vingi, ni kipande mseto, na ukali wake hutegemea kipi kimezidi.

Karatasi ikiwa imetupwa, tumia siki. Yeyusha chembe chache za kipande hicho katika nusu glasi ya maji ya uvuguvugu, tikisa mpaka povu lipande, mimina kijiko kimoja cha siki, tikisa tena. Povu la sabuni hufa na maji huganda vipande vyeupe. Povu la sindeti hubaki. Usidanganywe na ukungu wa maji peke yake, kwa sababu sindeti huwa na ukungu tangu mwanzo.

Dhana: Basi kila mtu aache sabuni.

Ukweli: ngozi yenye afya hurudisha pH yake baada ya muda, na mtu mwenye ngozi ya mafuta anaweza kutumia sabuni miaka yote bila kudhurika. Sindeti inastahili gharama yake zaidi usoni, kwa wenye ngozi kavu, wazee, wenye pumu ya ngozi, na wanaotumia dawa za chunusi zinazokausha. Mwilini, sabuni inatosha kwapani, kinenani na miguuni; mikono na mapaja yasiyo na uchafu yanaweza kuoshwa kwa maji tu siku nyingi.

Kama huna uhakika, jaribu nusu uso. Kwa wiki mbili nawa shavu la kulia kwa kipande kimoja na la kushoto kwa kingine, kwa maji ya uvuguvugu, povu lisizidi sekunde 20 hadi 30, usiku tu. Asubuhi maji matupu. Subiri dakika kumi ukilinganisha mvutano, kisha upake mafuta yaleyale pande zote. Siku tatu za kwanza usizihesabu, kwani mabaki ya ukavu wa zamani huchanganya matokeo. Kipande cha sindeti kikae mahali panapochuja maji, maana hulainika upesi kuliko sabuni, na kikilala kwenye dimbwi nusu yake itaishia kuwa ujiuji.