Mteja anajitoa: punguzo, mapumziko au kifurushi kidogo?

Dhana: Ofa inayokubaliwa na wengi ndiyo inayobakiza wateja.

Punguzo karibu kila mara huongoza kwa kukubaliwa, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Nani anakataa nusu bei? Swali ni nani bado analipa baada ya punguzo kuisha, na wangapi wangebaki hata bila kupewa chochote.

Tuchukue mfano wa kubuni: programu ya hesabu za maduka, shilingi 20,000 kwa mwezi. Wateja 4,000 waliobonyeza kujitoa wanagawanywa kwa bahati nasibu, 1,000 kila kundi. Kundi la kwanza halipewi ofa yoyote, na miezi sita baadaye 100 wanalipa: waliahirisha au walirudi wenyewe. Kundi la pili linapewa nusu bei kwa miezi mitatu. Wanakubali 400, lakini mwezi wa sita wanaolipa ni 110. Ripoti ya mwezi wa kwanza ilisema tumeokoa 400, kumbe tofauti halisi ni watu 10, tena wale 100 ambao wangelipa bei kamili huenda nao walilipa nusu.

Kundi la tatu linaruhusiwa kusimamisha huduma miezi miwili. Wanakubali 250, na mwezi wa sita 160 wanalipa bei kamili: shilingi 3,200,000 kwa mwezi, dhidi ya 2,200,000 za punguzo.

Ukifanya jaribio hili kwa watu 100 kila kundi, pengo la 16 kwa 10 laweza kuwa bahati tu. Subiri wafike wengi zaidi.

Dhana: Kumshusha mteja kifurushi ni hasara.

Katika kundi la nne, 200 wanabaki kwenye kifurushi cha 12,000. Ni shilingi 2,400,000 kwa mwezi, zaidi ya 2,000,000 za kundi lisilopewa ofa. Hasara huja pale ofa inapowekwa wazi kwa kila mtu, na wasiokuwa na mpango wa kuondoka nao wakashuka.

Dhana: Ipo ofa moja inayowafaa wote.

Uliza sababu kwanza. Mwenye duka aliyefunga kwa ukarabati anahitaji mapumziko. Anayetumia sehemu moja tu ya programu anahitaji kifurushi kidogo. Aliyechoshwa na hitilafu hahitaji ofa yoyote, anahitaji hitilafu irekebishwe.

Dhana: Aliyesimamisha atarudi mwenyewe.

Kwa malipo ya simu, mara nyingi mteja lazima aweke namba ya siri kila mwezi, kwa hiyo mapumziko yakiisha kimya kimya hakuna kinacholipwa. Kwa kadi ni kinyume: pesa inakatwa ghafla, na mteja aliyesahau anapiga simu benki kulalamika. Hali zote mbili zinataka ujumbe siku chache kabla, wenye tarehe, kiasi na nafasi ya kuongeza mwezi mmoja.