Futi-kandela, luksi na ploti ya hamsini kwa mia

"Mita moja ni futi 3.28. Sasa kwa nini nikigeuza luksi kuwa futi-kandela naambiwa nigawanye kwa 10.76?"

Kwa sababu vipimo vyote viwili hupima mwanga unaotua juu ya eneo. Lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga, na luksi moja ni lumeni moja iliyotandazwa kwenye mita moja ya mraba. Futi-kandela moja ni lumeni hiyohiyo kwenye futi moja ya mraba. Mita ya mraba ina futi 3.28 upande huu na 3.28 upande ule, na ukizidisha unapata 10.76.

Nami niliwahi kugawanya kwa 3.28 bila wasiwasi wowote. Jina ndilo lililonipoteza: "futi" imekaa pale mbele kama kipimo cha urefu, na neno "mraba" halionekani popote.

Kilichonifungua macho ni ploti. Nairobi kila mtu anaijua ploti ya hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa 100. Eneo lake ni futi za mraba 5,000. Ukigawanya kwa 3.28 utapata mita za mraba 1,524, ambazo ni zaidi ya theluthi ya ekari. Hakuna mnunuzi atakayekubali hesabu hiyo, maana ploti hiyo huuzwa kama sehemu ya nane ya ekari. Gawanya kwa 10.76 na unapata mita za mraba 465 hivi, jambo ambalo kila dalali analijua. Hesabu ya mwanga ni hiyohiyo, ila juu ya dawati hakuna mawe ya mpaka ya kukushtua ukikosea.

Mshumaa nao upo kwenye jina kwa sababu. Mshumaa wenye nguvu ya kandela moja, ukiwekwa futi moja kutoka kwenye karatasi iliyouelekea, unaipa futi-kandela moja. Urudishe nyuma hadi mita moja, na karatasi inapata luksi moja. Umbali umeongezeka mara 3.28, lakini miali imetawanyika kwa upana na kwa urefu pia, kwa hiyo mwanga umepungua mara 10.76. Taa ndefu za dari hazififii kwa kanuni hii ukiwa karibu nazo, kwa kuwa si nukta moja ya mwanga. Kigawanyo hakibadiliki hata hivyo, kwani kinatokana na eneo tu.

Chukua darasa la Buruburu lenye taa sita zinazofanana. Kipima-mwanga kimelazwa juu ya madawati, jicho lake likitazama dari, na wastani ni luksi 520 taa zikiwaka. Zikizimwa, mwanga wa madirishani pekee unatoa 120. Taa zenyewe basi zinatoa 400. (Wingu likipita kati ya vipimo hivyo viwili, hesabu imeharibika, ni heri kurudi usiku.)

Kiwango cha Ulaya cha EN 12464-1, toleo la 2011, kilitaka luksi 300 kwa darasa la kawaida, na hapo darasa letu limepita. Lakini tuseme michoro ya jengo imeandikwa Kimarekani na inataka futi-kandela 50. Ukigawanya 400 kwa 3.28 unapata 122, na utadhani taa zimezidi mara mbili. Jibu sahihi ni 37.2. Darasa lina upungufu, na kosa limeuficha kabisa. Dalili ya kosa ni rahisi kuiona: futi-kandela lazima ziwe pungufu kidogo ya sehemu ya kumi ya luksi. Ukiona 122 mbele ya 400, rudia.

Futi-kandela 50 ni luksi 538. Ukiongeza taa mbili za aina ileile, zikiwa nane zilizopangwa sawasawa, utafika karibu 533, yaani futi-kandela 49.5. Kwa maoni yangu pengo hilo si la kugombania, kwa kuwa vipima-mwanga vya bei nafuu vyenyewe hukosea zaidi ya hapo.

Kuna pengo jingine linalostahili swali. Nyaraka nyingi za Kimarekani huzungusha kigawanyo kuwa 10, zikaandika futi-kandela 50 na luksi 500 bega kwa bega kana kwamba ni kitu kimoja. Chumba chenye luksi 505 kinapita kwa namba moja na kuanguka kwa nyingine, kwani kina futi-kandela 46.9 tu. Kabla ya kugeuza chochote, muulize aliyeandika michoro ni namba ipi aliyoanza nayo, kisha weka kitufe cha kipima-mwanga kwenye `Lux` au `Fc` kulingana na jibu lake, upime moja kwa moja bila kugawanya.