Seramu Mbili za Vitamini C: Yasiyoonekana Nyuma ya Asilimia

Wengi wanaofika katika kitengo chetu cha ushauri wa dawa na vipodozi hapa Kampala huja na picha za chupa mbili kwenye simu. Zote zimeandikwa asidi askobiki asilimia 15, vitamini E asilimia 1 na asidi feruliki asilimia 0.5, lakini moja inauzwa mara saba ya nyingine. Wanauliza kama ile ya bei nafuu itawasaidia sawasawa kupunguza madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi.

Jibu hutegemea kiambato chenyewe ni imara au ni dhaifu kiasi gani. Kwa naiasinamaidi, aina ya vitamini B3, kwa mfano, sioni sababu ya kulipa zaidi: ni kiambato kinachostahimili joto na mwanga, na tafiti nyingi za madoa zilitumia asilimia 2 hadi 5 tu, hata chupa inayojivunia asilimia 10 haina faida kubwa ya ziada. Asidi askobiki, ambayo ndiyo vitamini C halisi, haina ustahimilivu huo.

Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwa kutumia ngozi ya nguruwe kwamba asidi hiyo hupenya vizuri pale tu pH ya mchanganyiko, yaani kipimo cha ukali wa asidi yake, inapokuwa chini ya 3.5, na kwamba kuzidisha kiwango chake kupita asilimia 20 hakuongezi kinachopenya. Mwaka 2005 kundi hilo lilieleza mchanganyiko wenye viwango vile vile nilivyovitaja hapo juu: asidi feruliki iliimarisha vitamini hizo mbili na kuongeza maradufu kinga yake dhidi ya madhara ya jua. Kwa hiyo asilimia zilizoandikwa kwenye chupa zote mbili zina msingi, lakini lebo haisemi pH, wala haisemi chupa imekaa dukani kwa muda gani.

Anza kwa kusoma orodha ya viambato. Huandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, isipokuwa vilivyo chini ya asilimia 1, ambavyo vinaweza kupangwa vyovyote. Asidi askobiki ya asilimia 15 inapaswa kuwa karibu na maji, mwanzoni kabisa. Ukiikuta nyuma ya fenoksiethanoli, kihifadhi ambacho kwa kawaida hakizidi asilimia 1, asilimia 15 hiyo haiwezi kuwa kweli. Angalia pia kama jina ni asidi askobiki au ni chumvi yake, kama magnesiamu askobili fosfeti. Chumvi hizo ni imara zaidi na laini kwa ngozi, ila asilimia 15 yake si sawa na asilimia 15 ya asidi yenyewe, na ushahidi wake ni mdogo.

Kisha pima pH kwa karatasi za kupimia asidi, zile zenye rangi nyingi zinazolinganishwa na chati, kwa kudondosha tone moja. Chupa yenye asidi askobiki ikisoma 3 iko mahali pake. Ikisoma 6, haitapenya inavyotakiwa hata kama bei yake ni ya juu. Karatasi hiyo haipimi wingi wa vitamini, na haifanyi kazi kwa seramu ya mafuta.

Hesabu ya matumizi nayo hubadilisha mambo. Tuseme chupa ya mililita 30 inauzwa shilingi 630,000 na nyingine 90,000. Ukitumia matone 5 kila asubuhi, takribani robo mililita, chupa itadumu siku 120. Lakini asidi hii huanza kuharibika tangu chupa inapofunguliwa, na miezi 3 ndiyo muda wa kawaida wa kuitumia. Kwa hiyo katika mwezi wa 4 unaweza kuwa unajipaka maji yaliyokwisha nguvu, yaliyokugharimu shilingi 21,000 kwa kila mililita. Chupa ya nafuu unaweza kuitupa na kununua mpya bila kuumia.

Utaijua iliyoharibika kwa rangi: kutoka isiyo na rangi au manjano hafifu hadi rangi ya chai ya rangi. Iweke kwenye friji au kabati lenye giza, si dirishani wala ndani ya gari, na epuka chupa angavu iliyopangwa kibandani chini ya jua, hata ikiwa ya kampuni ghali. Na seramu yoyote inayoahidi kung'arisha uso kwa wiki moja, iulizie zebaki na haidrokwinoni, viambato hatari vya kuchubua rangi ya ngozi, kabla ya kuiulizia bei.