PDF/A si kila PDF: dai la faili, fonti zilizopachikwa na alamisho za tasnifu

Mtu akisema kwamba ameshaigeuza tasnifu yake kuwa PDF/A, mara nyingi huwa anamaanisha tu kwamba faili lake sasa linaishia na `.pdf` na linafunguka vizuri kwenye kompyuta yake. Hilo ni jambo jema, lakini silo linaloombwa na maktaba ya chuo inayopokea tasnifu. PDF/A ni kiwango cha kimataifa, ISO 19005, ambacho sehemu yake ya kwanza ilitolewa mwaka 2005 na nyingine zikafuata mwaka 2011, 2012 na 2020. Kinaeleza namna PDF inavyopaswa kuundwa ili msomaji wa miaka mingi ijayo aione kama ilivyoonekana siku ilipokabidhiwa, bila kutegemea chochote kilicho nje ya faili lenyewe. Ndiyo maana faili la PDF/A haliruhusiwi kufungwa kwa nenosiri, na ndiyo maana kila fonti inayoonekana kwenye kurasa zake lazima iwe ndani yake.

Maana yenyewe haina ugumu zaidi ya huo. Kinachosumbua ni kwamba PDF/A ina pande mbili ambazo watu huzichanganya, yaani dai na ukweli wa dai hilo. Kila faili la PDF/A hubeba ndani ya metadata yake, yaani taarifa kuhusu faili lenyewe, mistari inayotaja sehemu ya kiwango na, kwa kawaida, ngazi ambayo faili linasema linaifuata:

```
<pdfaid:part>1</pdfaid:part>
<pdfaid:conformance>B</pdfaid:conformance>
```

Mistari hiyo ni maneno tu. Acrobat Reader ikiikuta, huonyesha utepe juu ya ukurasa unaosema kwamba faili linadai kufuata kiwango cha PDF/A, na neno “linadai” limewekwa hapo kwa makusudi, kwa sababu programu hiyo imesoma dai bila kulikagua. Anayeona utepe huo na kuhitimisha kwamba kazi imekwisha amefanana na mlinzi anayesoma jina kwenye kitambulisho bila kutazama picha. Kukagua ni kazi ya programu nyingine, na inayotumika sana ni veraPDF, ambayo ni ya bure na hupitia masharti ya kiwango moja baada ya jingine. Ina dirisha la kawaida la kubofya, lakini pia huendeshwa kwa amri fupi:

```
verapdf --format text tasnifu.pdf
```

Jibu lake huanza na `PASS` au `FAIL`. Hakuna jibu la katikati, na wala haijalishi tasnifu inapendeza kiasi gani machoni.

Dai huandikwa na Word yenyewe wakati wa kuhifadhi. Unakwenda `File`, kisha `Save As`, unachagua aina ya faili kuwa PDF, halafu kabla ya kubofya `Save` unafungua `Options`. Humo kuna kisanduku kilichoandikwa `PDF/A compliant`, ambacho katika Word za zamani kiliitwa `ISO 19005-1 compliant (PDF/A)`. Bila kukiweka alama, unapata PDF ya kawaida. Vilevile ukipita njia ya uchapishaji na kuchagua `Microsoft Print to PDF`, unapata kurasa zinazofanana kabisa na za Word lakini zisizo na dai wala alamisho, kwa kuwa kichapishi hupokea sura ya ukurasa peke yake na hakijui kichwa cha sura ni kipi.

Sasa tuje kwenye fonti, ambako ndiko kuna mkanganyiko mkubwa zaidi. Kupachika fonti katika PDF ni kuweka ndani ya faili maumbo ya herufi zilizotumika, ili kompyuta isiyo na fonti hiyo iweze kuzichora herufi zilezile badala ya kutafuta fonti inayokaribiana nayo. Katika Word kuna mpangilio mwingine kabisa, chini ya `File`, `Options`, `Save`, unaoitwa `Embed fonts in the file`. Wengi huuweka alama, wakahifadhi tena, kisha wakaapa kwamba fonti zimepachikwa. Ni kweli zimepachikwa, ila kwenye faili la `.docx`, ili msimamizi akilifungua kwenye kompyuta yake aone fonti uliyoichagua wewe. PDF haihusiki na mpangilio huo. Word ikitoa PDF/A hupachika fonti zenyewe ikiwa leseni zinaruhusu. Fonti nyingine hubeba katazo la kupachikwa, na hapo ndipo inapofaa kukijua kisanduku cha `Bitmap text when fonts may not be embedded`, kwa sababu maandishi yanaweza kugeuzwa picha. Utalitambua hilo ukijaribu kuburuta kipanya juu ya aya na kukuta hakuna neno linalochaguliwa, au ukitafuta neno unalolijua na kuambiwa halipo. Dawa yake ni kubadilisha fonti ndani ya Word kisha kuhifadhi upya, kwani hakuna mahangaiko ya baadaye yatakayoirudisha picha kuwa maandishi safi.

Chukua mfano wa tasnifu iliyoandikwa yote kwa Times New Roman na kuhifadhiwa kutoka Word kama PDF/A, ikakaguliwa, ikapita. Baada ya hapo mwandishi anapokea ukurasa wa tamko uliotiwa saini na kuskaniwa, naye anautia mahali pake kwa programu ya kuunganisha PDF, ambayo kwa ukarimu wake inaandika pia namba ya ukurasa chini. Faili jipya linafunguka, na kwa kuwa programu hiyo imeihifadhi metadata ya faili la kwanza, utepe wa Acrobat Reader bado upo. Maktaba inalirudisha. Mwandishi analalamika kwamba hakugusa fonti yoyote. Amri ya `pdffonts`, ambayo huja na zana za Poppler, inaonyesha kisa chote:

```
name                      type      emb sub uni
BCDEEE+TimesNewRomanPSMT  TrueType  yes yes yes
Helvetica                 Type 1    no  no  no
```

Nimeondoa safu mbili ili mistari itoshe. Safu ya kutazama ni `emb`. Mstari wa kwanza unasema `yes`, na herufi sita kubwa zenye alama ya kujumlisha mbele ya jina zinaonyesha kwamba zimepachikwa herufi zilizotumika tu, jambo ambalo kiwango kinaliruhusu. Mstari wa pili ni ile namba ya ukurasa. Helvetica ni miongoni mwa fonti 14 ambazo kwa desturi ya PDF tangu zamani kila programu ya kusomea ilitarajiwa kuwa nazo, kwa hiyo zana nyingi haziipachiki. PDF/A haiitambui desturi hiyo, na fonti hizo 14 hazina msamaha wowote. Namba moja tu, kwenye ukurasa mmoja, inatosha kuliangusha faili zima, na veraPDF itaonyesha kifungu 6.3.4 cha sehemu ya kwanza ya kiwango ikiwa ndiyo sehemu iliyodaiwa.

Njia ya kulitatua ni kurudi kwenye Word, kuweka picha ya ukurasa uliotiwa saini mahali pake ndani ya tasnifu, kuiacha Word iandike namba za kurasa, kisha kutoa PDF/A mara moja na kutoigusa tena. Hilo la kutoigusa ndilo huniudhi zaidi linapopuuzwa. Watu hukagua, hupata `PASS`, halafu hupunguza ukubwa wa faili kwa huduma fulani ya mtandaoni, na kinachofika maktaba ni faili ambalo hakuna aliyelikagua. Ukaguzi ni wa faili lile lile linalopakiwa, wala haurithiwi na faili lililotokana nalo.

Alamisho nazo zina kisa chao, maana neno hilo hubeba vitu vitatu tofauti. Yaliyomo yenye namba za kurasa mwanzoni mwa tasnifu si alamisho, hata kama ukiyabofya yanakupeleka kwenye sura. Alamisho za Word, zile za `Insert` na `Bookmark`, ni majina yanayobandikwa kwenye sehemu fulani za maandishi ili zirejelewe. Zinazotakiwa na maktaba ni alamisho za PDF, yaani ule mti wa vichwa unaofunguka kando ya ukurasa, sura zikiwa juu na vijisura vikiwa chini yake. Hizo hutengenezwa katika dirisha lile lile la `Options`, kwa kuweka alama kwenye `Create bookmarks using` na kuchagua `Headings`. Ukichagua `Word bookmarks` utapata orodha ya majina uliyoyabandika, na kama hukubandika lolote usitegemee kuona mti.

Lakini `Headings` maana yake ni mitindo ya `Heading 1`, `Heading 2` na kuendelea. Kichwa kilichokolezwa na kukuzwa kwa mkono huku kikiwa bado katika mtindo wa `Normal` kwa Word ni aya kama aya nyingine, na hakitaonekana kwenye mti hata kiwe kikubwa namna gani. Kosa la upande wa pili huonekana kwenye tasnifu zinazoandika “SURA YA KWANZA” kwenye mstari mmoja na “UTANGULIZI” kwenye mstari unaofuata, kila mmoja ukiwa `Heading 1`. Mti hutoka na alamisho mbili kwa kila sura, ya kwanza ikiwa haina kitu chini yake. Tenganisha mistari hiyo kwa `Shift+Enter` badala ya `Enter`, nayo itakuwa aya moja na alamisho moja. Alamisho tupu isiyo na jina nayo hutokana na mstari mtupu uliosahauliwa ukiwa na mtindo wa kichwa, mara nyingi pale sura mpya ilipoanzishwa kwa ukurasa mpya.

Hapa kuna jambo ambalo hata wanaojua PDF/A hulisema vibaya. Kiwango hakidai alamisho. Faili lisilo na alamisho hata moja linaweza kupata `PASS` kwa haki kabisa, na faili lenye mti mzuri wa alamisho linaweza kuanguka kwa sababu ya ile Helvetica. Alamisho ni sharti la maktaba, na veraPDF haitakuambia lolote kuhusu kukosekana kwake, kwa hiyo hukaguliwa kwa kuufungua mti na kubofya angalau kichwa kimoja katika kila sura, ukitazama kama kinafika mahali pake. Basi anayeandikiwa na mkutubi kwamba alamisho hazifanyi kazi asijibu kwamba faili lake ni PDF/A na limepita ukaguzi. Huenda yote mawili ni kweli, ila mkutubi hakuuliza hilo.