Losheni ya jua isiyoacha jivu usoni

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam alikuja kliniki na mfuko wenye losheni mbili. Ana ngozi nyeusi iliyoiva, na tangu mimba yake ya pili ana madoa ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo, yale tunayoyaita melasma. Losheni ya kwanza ilikuwa ya madini. "Dokta, hii nikiipaka wanafunzi wananiuliza kama naumwa," aliniambia. Ya pili ilikuwa nyepesi, haionekani kabisa, imeandikwa SPF 50, namba inayoonyesha kiwango cha kinga dhidi ya jua. Alikuwa ameitumia miezi minne bila kuacha na madoa yalikuwa palepale.

Nilimwomba aipake ile ya kwanza mbele yangu. Akachukua tone dogo kama punje ya harage, akalisambaza uso mzima, na bado kingo za pua na nyusi zikabaki na rangi ya jivu. Nikamuuliza kopo lile la mililita 50 humchukua muda gani. Akasema kama miezi mitano.

Hapo hesabu ilijieleza. Namba ya SPF hupimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Kwa uso na masikio hiyo ni kama gramu moja na kitu, yaani mistari miwili iliyojaa ya losheni juu ya kidole cha shahada na cha kati. Ukipaka hivyo mara moja kwa siku, kopo la mililita 50 huisha kwa wiki sita hivi. Yeye lilimfikisha miezi mitano, kwa hiyo alikuwa anapaka chini ya theluthi ya kinachotakiwa, na kinga iliyoandikwa kwenye kopo haikuwa usoni mwake. Weupe ulimfanya apunguze kiasi. Nawaona wagonjwa wa namna hii kila wiki, na siwalaumu hata kidogo. Hakuna mtu atakayekwenda kazini akiwa kama amepakwa unga.

Weupe huo unatoka wapi? Losheni za madini hutumia oksidi ya zinki au titani dioksidi, na hii ya pili ndiyo rangi nyeupe ya kwenye rangi za ukutani. Ni chembechembe ngumu zisizoyeyuka. Zinanyonya sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno, lakini mwanga wa kawaida, huu tunaouona kwa macho, zinautawanya na kuurudisha. Ule mwanga unaorudi ndio weupe wenyewe. Kwenye ngozi nyeupe hauonekani sana, kwenye ngozi nyeusi unajitokeza mara moja.

Losheni nyepesi kama ile yake ya pili hutumia vichujio vya kemikali, yaani viungo vya kuzuia mionzi kama avobenzoni na oktokrileni, na vyenyewe huyeyuka ndani ya mafuta ya losheni. Havina chembe za kutawanya mwanga, kwa hiyo hupotea kwenye ngozi. Watu wengi wanaamini kwamba madini hurudisha jua kama kioo na kemikali hulinyonya. Kwa urujuanimno si hivyo, kwani aina zote mbili hufanya kazi zaidi kwa kunyonya. Tofauti inayomhusu mtu mweusi iko kwenye mwanga unaoonekana.

Ngozi nyeusi, tofauti na ngozi nyeupe, hujibu mwanga unaoonekana pia, hasa sehemu yake ya bluu na zambarau. Hutengeneza weusi wa ziada ambao unaweza kudumu wiki kadhaa. Kichujio cha kemikali kisicho na rangi hakizuii mwanga huo. Kingekuwa kinauzuia, tungekiona usoni. Watengenezaji wa losheni za madini nao wanasaga chembe ziwe ndogo mno ili weupe upungue, lakini kadiri weupe unavyopungua ndivyo mwanga huo unavyopita. Ndiyo maana mwalimu wangu, hata angepaka losheni yake nyepesi kwa kipimo kamili, angekuwa na kinga nzuri dhidi ya urujuanimno na karibu hana kinga dhidi ya kile kinachochochea madoa yake. Na yeye darasani hukaa karibu na dirisha. Kioo cha kawaida hupunguza aina moja ya urujuanimno, UVB, lakini sehemu kubwa ya aina nyingine, UVA, na mwanga unaoonekana vinapita.

Kinachotatua mambo yote mawili, weupe na mwanga huo, ni oksidi za chuma. Ni rangi za njano, nyekundu na nyeusi, zilezile zinazotia rangi faundesheni. Zinanyonya mwanga wa bluu badala ya kuurudisha, kwa hiyo zinakinga bila kupausha. Geuza kopo usome viungo: tafuta namba zake, CI 77491, CI 77492 na CI 77499. Ukiziona zote tatu, losheni ina rangi inayoweza kukaribia ngozi yetu. Lakini tazama pia ilipo CI 77891, ambayo ni titani. Ikitangulia mbali mbele ya hizo tatu, mara nyingi rangi itakuwa hafifu na utarudi kwenye jivu.

Jina la rangi kwenye kopo lisikudanganye, maana "kahawia" ya kiwanda kimoja ni maji ya kunde ya kingine. Paka kwenye taya, siyo mkononi, toka nje ya duka kwenye mwanga wa mchana, subiri dakika kumi ikauke. Losheni nyingi zinaonekana sawa zikiwa mbichi kisha zinapauka zikikauka.

Rangi ya mwalimu hatukuipata kwa urahisi. Za dukani nyingi ziliishia kwa watu wa maji ya kunde. Tukafanya hivi: losheni yake ya kemikali kwa vidole viwili kamili, asubiri ikauke, kisha faundesheni inayolingana na ngozi yake na yenye oksidi za chuma, aipake kwa ukarimu kwenye madoa. Dawa ya madoa aliyokuwa akitumia sikuibadilisha. Baada ya miezi mitatu madoa ya mashavuni yalikuwa yamefifia wazi. Ya juu ya mdomo yalipungua kidogo tu. Melasma ina tabia hiyo, na hurudi mtu akiacha kujikinga.

Kama huna madoa yanayokusumbua, huna haja ya safari hii yote. Losheni nyepesi ya kemikali yenye SPF 30 au zaidi na kinga ya UVA inakutosha. Kasoro zake ni kwamba jasho likiiteremsha machoni inachoma, na avobenzoni ikikutana na maji ya kisima yenye chuma huacha doa la kutu kwenye kola nyeupe. Tafiti za Marekani za 2019 na 2020 zilionyesha kuwa vichujio hivi huingia kwenye damu. Mamlaka ya dawa ya huko ilitaka utafiti zaidi, lakini haikuwaambia watu waache. Mwenye ngozi inayowasha haraka, au mjamzito anayepata wasiwasi, mimi humpa madini yenye rangi.

Watu wenye ualbino ni habari nyingine kabisa. Kwao jua huleta saratani, weupe wa madini si kikwazo, na losheni ya Kilisun inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, ilibuniwa kwa ajili yao.

Mwalimu alirudi mwezi uliopita. Kopo lake la mililita 50 sasa linaisha wiki ya sita, na ameanza kulalamikia bei. Tulikaa tukatafuta la bei nusu lenye vichujio vilevile, kwa sababu losheni ghali anayoibana ingemrudisha kwenye punje ya harage.