Mtangazaji wa Akili Mnemba: Mwendo wa Maneno na Ukweli Kuhusu Sura

Anayetengeneza mtangazaji wa akili mnemba kwa mara ya kwanza huhangaikia sura na mavazi, ilhali kinachoharibu video mara nyingi ni maandishi aliyopewa asome. Binadamu akikuta sentensi ndefu huvuta pumzi panapofaa, lakini sura ya kompyuta husonga mbele bila kujali kwamba mtazamaji bado anatafakari neno lililopita.

Tuchukue tangazo la kuchanja kuku dhidi ya mdondo. Mwandishi ameandika: "Dondoshea kila kuku tone 1 la chanjo ya I-2 jichoni, kisha rudia kila baada ya miezi 3-4." Kwenye karatasi sentensi hiyo haina shida. Mashine, hata hivyo, inaweza kusoma "miezi tatu", kwa kuwa tarakimu haibebi upatanisho wa ngeli, na kistari kinaweza kumezwa kabisa. Kwa hiyo namba zote ziandikwe kwa maneno, na jina la chanjo, likibaki, liandikwe jinsi wafugaji wanavyolitamka; hapa nimeliacha:

"Chukua kuku mmoja mmoja. Mdondoshee tone moja la chanjo, katika jicho moja. Subiri apepese jicho, ndipo umwachie. Rudia chanjo kila baada ya miezi mitatu au minne."

Kwa maelekezo ya namna hii mimi huanza na maneno 100 hivi kwa dakika, nikijua kwamba neno kama "umdondoshee" lina kazi ya maneno kadhaa ndani yake. Kisha nasoma kwa sauti huku nikiigiza tendo lenyewe, na mkono ukichelewa naongeza kituo. Zana kadhaa hupokea alama hii kati ya sentensi:

```
<break time="0.8s"/>
```

Video ikishatoka, itazame bila sauti: midomo isipofunga kwenye m, b na p, tengeneza upya kipande hicho.

Kuhusu ukweli, tangazo fupi mwishoni halitoshi, kwa sababu video hukatwa na kusambazwa kwenye WhatsApp bila mwisho wake. Maneno "Mtangazaji huyu ametengenezwa kwa akili mnemba" yakae kwenye picha muda wote, tena yatamkwe mwanzoni, kwani wengine husikiliza tu simu ikiwa mfukoni. Mtangazaji huyo asivishwe koti jeupe, wala asiseme "nimewatibu kuku wengi", maana hajawahi kumshika hata mmoja. Aseme kwamba maelezo yameandikwa na daktari wa mifugo wa taasisi, na iwe kweli. Ikiwa sura au sauti imenakiliwa kutoka kwa mfanyakazi, ridhaa yake ya maandishi itaje matumizi yanayoruhusiwa na muda wake, na kila maandishi mapya atakayosomeshwa pacha wake wa kompyuta, mfanyakazi ayaone kwanza. Mitaani atakayeulizwa kuku wakifa ni yeye.